Dondoo Muhimu: Jedwali la Kushindwa kwa Moyo

• Mwanafunzi agawe jedwali katika safu wima mbili, upande wa kushoto na wa kulia wa moyo, na mstari wa kwanza ueleze mahali damu inaporundikana, kwa kuwa dalili nyingi hutokana na jambo hilo.

• Upande wa kushoto ukishindwa, damu hurundikana mapafuni, hivyo mgonjwa hukosa pumzi akilala chali. Wa kulia ukishindwa, hurundikana katika vena, yaani mishipa irudishayo damu moyoni, hivyo vena za shingo hutuna, ini huvimba na miguu hujaa maji.

• Mstari wa visababishi uonyeshe kwamba kushindwa kwa upande wa kushoto ndiko kisababishi kikuu cha kushindwa kwa upande wa kulia. Kwa hiyo mgonjwa mwenye dalili za pande zote mbili asilazimishwe kuingia katika safu moja.