Tunamsaidia Mwenzetu au Tunajisaidia?

Ukimwona mtu anateseka, moyo wako nao huumia. Ukimsaidia, maumivu yake hupungua na yako pia. Basi, umetenda kwa ajili yake au kwa ajili yako? Tendo ni moja, lakini nia haionekani kwa macho.

Mwaka 1981, huko Marekani, Daniel Batson na wenzake walitafuta njia ya kuzitenganisha nia hizo. Waliwaza hivi: anayetaka tu kutuliza moyo wake ataondoka akipata nafasi, lakini anayemhurumia mwenzake atabaki, kwani kuondoka hakumponyi anayeteseka.

Wanafunzi wa kike 44 walimtazama kwenye televisheni msichana aitwaye Elaine, aliyejifanya kupigwa na umeme. Wengine waliambiwa wataona zamu mbili tu, wengine zote. Ili kuamsha huruma, nusu yao walionyeshwa kwamba Elaine anafanana nao kwa mawazo; nusu nyingine, kwamba ni tofauti. Kisha wakaulizwa: mtakubali kukaa mahali pake?

Waliomwona tofauti walikubali asilimia 64 pale kuondoka kulipokuwa kugumu, ila 18 tu kulipokuwa rahisi. Waliomwona kama mwenzao walikubali 82 na 91. Hao nafasi ya kuondoka haikuwavuta.

Je, ubinafsi umeshindwa? Mwaka 1987 Robert Cialdini alipinga: huruma huleta pia huzuni, nayo mtu huondoka nayo hadi nyumbani. Huenda walisaidia ili kuifuta. Jaribio la Elaine halikuwa na jibu kwa hoja hiyo.