Mwenye nyumba akifariki, kodi utamlipa nani?

Mkataba wa kupanga haufi pamoja na mwenye nyumba. Kodi inabaki ile ile, tarehe ya kulipa haibadiliki, na jamaa za marehemu hawawezi kukuondoa kwa sababu ya kifo peke yake. Kinachobadilika ni mtu wa kupokea kodi, na hapo ndipo wapangaji wengi huumia.

Tuseme unapanga kwa shilingi 6,000 kwa mwezi na mwenye nyumba anafariki mwezi Machi. Mwezi Aprili kifungua mimba wake anakuja kudai kodi, nawe unamlipa hadi Julai. Kisha mjane anakuja na hati ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, akiuliza ziko wapi shilingi 24,000 za miezi minne. Kijana hakuwa na idhini ya kuzipokea, kwa hivyo unaweza kudaiwa tena.

Kuwa mtoto mkubwa hakumpi mtu haki ya kukusanya kodi. Barua ya chifu nayo huwataja warithi tu, haimteui msimamizi. Omba nakala ya hati yenye muhuri wa mahakama, kisha uihakikishe katika masjala ya mahakama iliyoitoa. Ukilipa kwa nia njema kwa kufuata hati hiyo, Sheria ya Urithi inakulinda hata kama baadaye itabatilishwa. Ikiwa nyumba ilimilikiwa kwa pamoja na mume na mke, umiliki humwendea aliyebaki.

Kabla ya hati kutoka, weka kodi kando kila mwezi na uiandikie familia kwamba pesa zipo. Usizile, kwani deni halifutiki. Familia inayohitaji kodi kwa haraka, pengine kwa matengenezo, inaweza kuomba mahakama hati ya muda ya kukusanya na kuhifadhi mali ya marehemu.

Mpangaji anayeishi peke yake akifariki, upangaji wake wa mwezi kwa mwezi nao hauishi siku hiyo. Huendelea kama sehemu ya mali yake mpaka upande mmoja utoe notisi isiyopungua mwezi mmoja. Kodi aliyoacha bila kulipa hudaiwa kwenye mali yake, si mfukoni mwa ndugu yake. Dipoziti pia ni mali ya marehemu, na salio lake hukabidhiwa msimamizi.

Mwenye nyumba asivunje kufuli na kuuza kitanda na jiko ili afidie kodi. Kifungu cha 45 cha sheria hiyo kinakataza yeyote asiye na idhini kugusa mali ya marehemu, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 10,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Kifungu hicho hicho kinamhusu yule kijana aliyepokea kodi ya babake.