Ubao wa Picha Kabla ya Kuchora Mhusika

Tulipoandaa hadithi ya picha kuhusu msafara wa mahujaji, tulianza na uso wa kijana mkuu. Uso ukatoka kama katuni ya Kijapani, ngamia kama picha ya kamera. Tukafuta yote, tukaanza kukusanya picha za mfano.

Tulipata kama arobaini, tukabakiza tisa. Nguzo ilikuwa michoro ya Yahya al-Wasiti katika Maqamat ya al-Hariri, Baghdad, 1237. Humo ardhi mara nyingi ni ukanda mwembamba wa majani, nyuma karatasi tupu, na mikono ya watu ndiyo inayozungumza. Chini ya kila picha tuliandika kitu kimoja tunachokichukua: hapa mstari, pale rangi. Duara la dhahabu kichwani tuliliacha. Kwake halimaanishi utakatifu, lakini msomaji wa leo angedhani hivyo. Picha isiyo na maelezo iliondoka, hata iwe nzuri (na ilituuma).

Tulizibandika zote, tukarudi nyuma hatua chache na kufumba macho nusu. Mbili zilijitenga kwa weusi wake, zikatolewa. Kisha tukachora birika, mti na ngamia. Vilipoonekana vya kitabu kimoja, ndipo tukamrudia kijana.