Wadogo zangu, someni anwani kuanzia mwisho

Wadogo zangu wa Gisenyi, na ninyi mnaovuka kila siku kwenda Goma, leo nina neno na wale mnaokuja kwangu kuombewa hati kwa Irembo. Kuna barua pepe inayosema hivi: "Ombi lako la hati ya kusafiria limesimama. Lipia nyongeza ndani ya saa 24, la sivyo litafutwa." Juu pameandikwa Irembo, nembo ipo, na chini kuna kiungo cha kulipia. Ukiwa na mzigo unaosubiri upande wa pili wa mpaka, mkono unakwenda kubonyeza kabla macho hayajamaliza kusoma.

Usibonyeze. Jina linaloonekana juu ya barua pepe huandikwa na mtumaji mwenyewe, naye anaweza kujiita lolote. Nembo nayo hunakiliwa kwa dakika moja.

Kwenye simu, weka kidole juu ya kiungo ukishikilie bila kuachia, anwani yake ijitokeze. Tuseme ni hii:

```
https://irembo.gov.rw.example.com/lipa
```

Wengi husoma mwanzo, wakaona irembo.gov.rw, wakatulia. Hapo ndipo mtego ulipo. Tafuta mkwaju wa kwanza baada ya https://, kisha soma kurudi nyuma kuanzia hapo. Mwenye tovuti hii ni example.com, yaliyotangulia aliyabandika mwenyewe. Anwani halali ni https://irembo.gov.rw/, yaani .gov.rw inagusana na mkwaju. Wala msidanganyike na .rw peke yake: mtu binafsi anaweza kusajili jina linaloishia hivyo, lakini .gov.rw ni ya taasisi za serikali.

Kuna anwani ndefu ambazo simu huzikata katikati, na kuna viungo vifupi vinavyoficha vinakokwenda. Kwa hizo sitaki mbahatishe. Iacheni barua pepe ilivyo, fungueni kivinjari, andikeni irembo.gov.rw kwa mkono wenu, kisha tafuteni ombi kwa namba yake. Kama kweli kuna deni, mtalikuta pale. Msipolikuta, msilipe.

Na mimi wakala wenu, mnitambue hivi: sitawauliza namba ya siri ya MoMo wala namba ya uthibitisho iliyoingia kwenye simu yenu, iwe kwa barua pepe, kwa simu au hapa dirishani. Unapolipa, namba ya siri unaibonyeza wewe mwenyewe kwenye simu yako. Ukipata ujumbe kwa jina langu unaoomba pesa zipelekwe namba mpya, hata kama umetoka kwenye anwani yangu ile ile unayoijua, nipigie kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani. Sanduku la barua pepe likivunjwa, mwizi huandika kutoka humo humo, na anwani haitakuonyesha kasoro yoyote.

Aliyekwisha kutoa namba ya siri aibadilishe sasa hivi, awapigie watu wa mtandao wake wa simu, kisha RIB kwa 166, bila malipo. Barua pepe yenyewe asiifute, maana ndiyo ushahidi.