Kafeini Haichukui Nafasi ya Usingizi: Kahawa, Chai na Enaji kwa Madereva wa Usiku

Kijitabu hiki kimetokana na malalamiko ya abiria na wenye malori kuhusu madereva wanaosinzia usukanini. Dereva akiulizwa, mara nyingi hujitetea kwamba alishakunywa enaji. Huo si utetezi. Soma hadi mwisho, kisha mpe utingo wako naye asome.

Mtu anapokuwa macho, kemikali iitwayo adenosini hujikusanya kwenye ubongo saa baada ya saa, nayo ndiyo huleta uzito wa kope. Kafeini hukaa mahali ambapo adenosini ingeshika, ikaizuia isisikike. Haiiondoi. Adenosini inaendelea kuongezeka, na kafeini ikipungua, usingizi wote uliozuiwa hurudi kwa pamoja. Kinachoiondoa ni kulala tu.

Kafeini ni ileile katika vinywaji vyote vitatu. Kinachotofautiana ni kiasi chake na vilivyoandamana nayo. Kikombe cha chai ya rangi huwa na miligramu 40 hadi 50 hivi. Kahawa ya unga wa kukoroga, kijiko kimoja, ina takriban 60, na iliyochujwa hukaribia 90. Kahawa chungu ya kijiweni haina kipimo, kwa kuwa hutegemea mpishi na buni: robusta ya Kagera ina kafeini karibu maradufu ya arabika ya Kilimanjaro. Enaji ya mililita 250 mara nyingi ina 80, lakini soma lebo, maana chapa hazilingani.

Chai ina theanini, ambayo huifanya kafeini isimtetemeshe sana mnywaji, na ina tanini zinazozuia madini ya chuma ya chakula yasifyonzwe vizuri; mwenye upungufu wa damu asiinywe pamoja na mlo. Enaji ina taurini, ambayo haijathibitika kumkeshesha mtu, na sukari, ambayo katika chupa ya mililita 250 hufika gramu 27. Sukari hiyo isikudanganye. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, waliwapa watu wenye usingizi kinywaji chenye sukari nyingi na kafeini kidogo. Hakikuwaondolea usingizi, na baada ya saa moja hivi walizubaa zaidi.

Kuhusu gharama, gawanya bei kwa kafeini. Tuseme enaji yenye miligramu 80 inauzwa shilingi 1,000, na kahawa ya kukoroga yenye 60 inauzwa 400. Kila miligramu ya enaji imekugharimu zaidi ya shilingi 12, na ya kahawa haifiki 7. Ziada umelipia sukari na chupa.

Sasa tazama safari ya lori la Dar es Salaam kwenda Tunduma. Dereva ameamka saa 11 alfajiri, ameshinda bandarini akisubiri mzigo, ameondoka jioni. Saa 4 usiku yuko Morogoro, amekaa macho saa 17. Utafiti uliochapishwa 1997 ulionyesha kwamba mtu wa namna hiyo hufanya kazi kama aliyelewa kiasi. Anakunywa enaji mbili, miligramu 160. Ndani ya saa moja anajiona mzima, anavuka Mikumi bila kusimama. Kafeini hupungua nusu kwa takriban saa 5, kwa hiyo inapofika saa 9 usiku amebaki na 80, adenosini imezidi, na mwili wenyewe uko kwenye saa zake dhaifu kabisa. Mbele yake kuna Kitonga. Sekunde 4 za kusinzia kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa ni karibu mita 67 za kona bila dereva.

Tunarudia: kafeini si usingizi. Ukipiga miayo mfululizo, ukatoka kwenye mstari, au ukashindwa kukumbuka kilomita chache zilizopita, tayari umechelewa. Egesha mahali salama nje ya barabara. Kunywa vikombe viwili vya kahawa upesi, kisha lala papo hapo dakika 15 hadi 20, ukiwa umetega kengele. Kafeini huhitaji kama nusu saa kufanya kazi, hivyo utaamka inapoanza. Hapo Loughborough, katika miaka ya 1990, njia hii ilipunguza sana makosa ya madereva. Ukilala zaidi ya hapo utaamka mzito. Subiri kichwa kitulie. Faida hii ni ya saa moja au mbili, ya kukufikisha kwenye kitanda, si Tunduma.

Mtu mzima mwenye afya asizidishe miligramu 400 kwa siku, wala 200 kwa mara moja. Mjamzito asizidi 200 kwa siku. Watoto wasipewe enaji. Mwenye maradhi ya moyo amwone daktari. Asiyekunywa kafeini mara kwa mara aanze na kidogo. Usichanganye enaji na pombe: utajiona hujalewa, na mikono itabaki ya mlevi.

Mwenye lori, ratiba ya mzigo iwe na saa za kulala ndani yake, na utingo awe na ruhusa ya kusimamisha safari bila kukatwa posho.