Pakiti sita za sukari zimeenda wapi?

Tuseme una duka Ruiru na sukari unaitoa holseli Thika. Pakiti ya kilo moja unanunua kwa shilingi 148, na ukigawa nauli inafika dukani kwa 150. Hiyo 150 ndiyo gharama yako, si 148. Unaiuza 170.

Mwezi unaanza ukiwa na pakiti 40, za shilingi 6,000. Unaongeza 120, za shilingi 18,000. Mwisho wa mwezi unafunga duka, unahesabu rafu na stoo: zimebaki 30, yaani 4,500. Mauzo ya sukari ni 21,080.

Wenye maduka wengi hutumia mfumo wa vipindi, hata kama hawauiti hivyo. Hauandiki gharama kila unapouza. Unangoja siku ya kuhesabu. Unachukua stoki ya kuanzia, unaongeza ulichonunua, unatoa kilichobaki: 6,000 + 18,000 − 4,500. Gharama ya bidhaa zilizouzwa ni 19,500, na faida kabla ya kodi ya nyumba na stima ni 1,580.

Lakini angalia hiyo 19,500. Ni pakiti 130. Je, kweli ziliuzwa 130? Mfumo huu hauwezi kukuambia. Chochote ambacho hakiko kwenye rafu unakihesabu kama kimeuzwa, hata kilichopasuka, kilichoibwa au kilichobebwa kwenda kupika chai nyumbani.

Mfumo endelevu hufanya kazi tofauti. Kila pakiti ikitoka, daftari au simu inaandika mambo mawili: 170 imeingia, na bidhaa ya 150 imetoka. Tuseme daftari linaonyesha ziliuzwa 124. Gharama ya bidhaa zilizouzwa ni 124 × 150, yaani 18,600, na unaijua siku yoyote bila kungoja tarehe 30. Daftari linasema zibaki 36. Rafuni ziko 30. Sita hazipo, shilingi 900.

Ukitoa hiyo 900 kama hasara, faida inarudi 1,580 ile ile. Tofauti ni kwamba sasa 900 ina mstari wake, na unaweza kuuliza maswali. Kwa hivyo hata ukiwa na mfumo endelevu, bado lazima uhesabu rafu. Usipohesabu, daftari litaendelea kudai ziko 36.

Ripoti ya tili peke yake haitoshi hapa. Inaonyesha mteja amelipa 340, lakini haijui kama ni sukari mbili au ni unga na mafuta. Na wa keshi hayumo kabisa.

Peremende na viberiti, mimi singejisumbua kuandika moja moja. Hesabu mwisho wa mwezi. Sukari, unga na mafuta ya kupikia, andika kila inapotoka. Ya nyumbani pia iandike, kwa gharama ya 150, chini ya jina lako.