Dondoo: Kupanga marejeo ya tasnifu

Ukiandika tasnifu kuhusu makuli wa Point, Durban, au Wazanzibari walioletwa Natal mwaka 1873, panga marejeo hivi:

1. Tanguliza jina la ukoo: Goolam Vahed huandikwa Vahed, Goolam, na hukaa kwenye V.
2. Usibadili mpangilio wa waandishi. Kitabu cha Desai na Vahed (2010) hukaa kwenye D, kwa sababu Desai ndiye aliyetajwa kwanza.
3. Kazi ya mtu peke yake hutangulia kazi yake ya pamoja: Desai (2002), kisha Desai na Vahed.
4. Mwandishi akiwa na kazi kadhaa za peke yake, anza na ya zamani. Za mwaka mmoja zitie a, b.
5. Taasisi ni mwandishi: ripoti ya eThekwini Municipality huingia kwenye E.
6. Makala ya gazeti isiyo na mwandishi ipange kwa kichwa chake, ukiruka The, A au An. Usibuni “Hajulikani”.
7. Kabla ya kupanga kwa kompyuta, futa namba ulizoandika kwa mkono. Zikibaki, namba ndizo zitakazopangwa, si majina.
8. Mwongozo wa idara yako ukitofautiana na haya, fuata huo.